Boti ikiwa bado imefungwa kamba: namna ya kupanga upya anonsi ya usalama kwenye Ziwa Kivu

Mtu anayesafiri kutoka Goma kwenda Bukavu kwa boti anajua sauti hizi: moteri imekwisha kuwashwa, vijana wanapakia magunia ya mwisho, mama mmoja anaita mtoto wake, muziki unalia ku bafle, na katikati ya hayo yote mtu mwenye mikro anasoma karatasi. Wasafiri wengi hawamuangalie. Wanatafuta fasi ya kuweka mzigo, wanapiga simu ya mwisho mbele reseau haijakatika. Yule mwenye mikro anafika mwisho, anasema asante, na kazi yake imekwisha. Ukimuuliza msafiri wa benchi la nyuma aliyesikia nini, atakujibu: « Walitusalimia. »

Shida ya anonsi hiyo mara nyingi haiko kwenye sauti wala kwenye bafle. Iko kwenye mupango wa maneno. Maagizo yanayoweza kumuokoa mtu yamewekwa mwishoni, nyuma ya salamu, bei ya vinywaji na mambo ya mizigo. Mtu anayesoma karatasi anaweza kurudi juu na kutafuta kitu alichokosa. Mtu anayesikia hana uwezo huo, neno likipita limepita.

Kwenye Ziwa Kivu jambo hili si la maridadi. Baada ya ajali ya mwezi wa ine 2019 upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kwamba kila msafiri wa boti avae jile ya kuokoa. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma ikionekana mbele ya macho. Makumi ya watu walikufa, na wakuu walisema kwamba boti ilikuwa imepakia kupita uwezo wake. Anonsi nzuri haiwezi kupunguza uzito wa boti iliyojaa mno, na hakuna mtu anayepashwa kudanganywa juu ya hilo. Lakini boti inapoanza kuinama, watu hawapati tena dakika ya kuelezwa namna mukaba wa jile unavyofungwa. Kile walichokisikia bandarini ndicho wanachokuwa nacho.

Anonsi ya zamani

Hii hapa ni anonsi ya mfano. Si ya kampuni fulani. Imeunganishwa kutokana na aina ya maneno ambayo wasafiri wa ziwa wamezoea kusikia.

« Mabibi na mabwana, wasafiri wapendwa, kampuni yetu inayo furaha kubwa ya kuwakaribisha ndani ya chombo chake cha kisasa katika safari ya leo kutoka Goma kwenda Bukavu. Kapitene pamoja na kikosi chake chote wanawatakia safari njema na wanawashukuru kwa uaminifu wenu. Safari yetu itachukua muda wa saa tatu hivi, ikiwa hali ya hewa itaruhusu. Mnakumbushwa kuwa vinywaji na chakula vinapatikana kwa bei nafuu upande wa nyuma. Ni marufuku kuvuta sigara, kutupa takataka ziwani na kutumia mlango wa wafanyakazi. Kila msafiri anawajibika kwa mizigo yake; kampuni haitajibu kwa chochote kitakachopotea. Kwa ajili ya usalama wenu, na kwa mujibu wa sheria ya nchi, vyombo vya kujiokolea vimewekwa chini ya viti, na vinapaswa kutumiwa ipasavyo endapo itatokea dharura. Msisimame ovyo wakati chombo kinaendelea, na msivue vizibao hivyo pasipo ruhusa. Kwa maelezo zaidi tafadhali wasilianeni na wafanyakazi wetu. Asanteni kwa kusikiliza vizuri, na Mungu awabariki. »

Tuhesabu. Maneno 100 yanapita mbele ya msafiri kusikia kwamba kuna kitu cha kujiokolea. Kwa mwendo wa kawaida wa kusoma, hiyo ni karibu dakika moja. Katika dakika hiyo masikio yamekwisha kuzoea kwamba karatasi hii ni ya salamu na biashara, na mtu amerudilia mambo yake.

Kisha, neno « jile » halimo kabisa. Kila mtu Goma, Bukavu, Kalehe na Idjwi anasema jile. Anonsi inasema « vyombo vya kujiokolea », halafu chini kidogo inasema « vizibao », sawa vile vingekuwa vitu viwili tofauti. Mwandishi wake alitaka Kiswahili kizuri. Lakini msafiri anapashwa kutafsiri kichwani mbele ya kuelewa, na huku moteri inanguruma. Kwenye anonsi ya usalama, neno zuri ni lile ambalo mtoto wa Kituku anatumia, na kitu kimoja kinapewa jina moja toka mwanzo mpaka mwisho.

Jambo la tatu ni « vinapaswa kutumiwa ipasavyo endapo itatokea dharura ». Nani atumie? Lini? Ipasavyo ni namna gani? Sentensi hiyo haimuambie mtu afanye kitu chochote sasa. Inamuachia ajue mwenyewe wakati boti imekwisha kuinama. Na agizo la inchi halisemi jile iwe chini ya kiti. Linasema ivaliwe.

Silabi moja inayogeuza agizo

Kuna shida ingine ambayo anonsi za Kifaransa hazina sana, na ambayo Kiswahili kinayo. Angalieni maneno haya mawili: « musimame » na « musisimame ». Tofauti ni silabi moja tu, si, katikati ya neno, fasi ambapo sauti haina nguvu. Sema neno hilo kwenye mikro mbaya, moteri mbili zikilia, na mtu wa nyuma anaweza kusikia kinyume cha ulichosema. Ni vile vile kwa « muvue » na « musivue », « muruke » na « musiruke ». Agizo la kukataza linabebwa na kipande kidogo kinachoweza kumezwa na kelele, na kinachobakia kinakuwa agizo la kufanya kile kile kilichokatazwa.

Dawa yake ni rahisi, hata kama inaomba mazoezi: kusema kile mtu anapashwa kufanya, si kile asichopashwa kufanya. Pa fasi ya « musisimame », inasemwa « mukae chini ». Pa fasi ya « musivue jile », inasemwa « jile ibakie mwilini ». Pa fasi ya « musibebe mizigo », inasemwa « mizigo ibakie ». Hata kama nusu ya sentensi inapotea njiani, nusu inayofika inaendelea kusema ukweli. Mwenye kuandika anonsi anaweza kuchukua kalamu nyekundu na kuzungushia kila si na kila ha ya kukataza, halafu kujiuliza kama kuna namna ya kuigeuza. Mara nyingi ipo.

Ni agizo gani la kwanza?

Watu wanaokaa pamoja kuandika upya anonsi wanabishana zaidi hapa. Kapitene anataka wasafiri wakae wametulia. Mwenye kampuni anataka mizigo isilete maneno. Mtu wa usalama anataka milango ya kutokea itajwe. Kila mmoja ana sababu, lakini fasi ya kwanza ni moja tu.

Namna ya kuamua ni kuuliza: ni kitu gani ambacho kisipofanywa sasa, bandarini, hakitawezekana tena? Kukaa chini kunaweza kurudiliwa njiani. Mlango unaweza kuonyeshwa njiani. Lakini jile isiyovaliwa boti ikiwa imetulia ni vigumu kuivaa boti ikilala upande mmoja, giza likiwa limeingia, watu wakivutana. Kwa hiyo jile ndiyo ya kwanza, na kitenzi chake kiwe cha sasa: muvae. Habari ya « jile ziko chini ya kiti » inakuja nyuma ya agizo, kama inahitajika. Kama jile zinagawiwa mlangoni, haihitajike hata kidogo.

Mbele ya agizo hilo kunapashwa kuwa na kitu kimoja kidogo: mwito. Maneno mawili matatu ya kwanza ya anonsi yoyote yanapotea, sababu watu hawajageuza kichwa. Ukianza moja kwa moja na « Muvae jile », hayo ndiyo yatakayopotea. Filimbi moja ndefu, muziki umezimwa, kisha « Wasafiri wote, muangalie huku! », na mwenye kusema angoje afikiri mpaka tatu. Kimya hicho kidogo kinafanya kazi kuliko kuongeza sauti.

Mtoto wa mgongoni

Kuna agizo ambalo karatasi nyingi zilizotoka inje hazina, sababu ziliandikwa fasi ambapo wamama hawabebe watoto mgongoni. Jile nzuri imetengenezwa ili imgeuze mtu ndani ya maji, uso uangalie juu, mgongo uwe chini. Sasa fikirini mama aliyefunga mtoto mgongoni kwa kitenge. Kile kinachomuokoa mama kinamuweka mtoto chini ya maji. Tena fundo la kitenge likilowana linakuwa gumu kufunguliwa kwa vidole vinavyotetemeka.

Kwa hiyo, mbele boti haijafunguliwa kamba, mtoto anafunguliwa mgongoni, anawekwa ku mbele, na anavaa jile ya ukubwa wake. Jile ya mtu mzima haimfai mtoto. Akiingia majini inapanda, inapita kichwani, na yeye anateleza chini. Jile za watoto huwa na kilo zilizoandikwa ndani, na nyingi zina mukaba unaopita katikati ya miguu ili isipande. Mukaba huo ndio unaosahauliwa zaidi, sababu mtoto analia na mzazi anaona unamsumbua.

Kuna kipimo ambacho mzazi anaweza kufanya kwa sekunde tatu, nacho kinafaa hata kwa mkubwa: shika jile kwenye mabega, ivute juu. Ikifika masikioni, imelegea ao ni kubwa mno. Ikibakia fasi yake, ni sawa.

Hapa kunatokea swali la aibu. Boti nyingi hazina jile za watoto za kutosha. Je, anonsi iseme nini? Kuna wanaopendelea kunyamaza, ili wasionekane wabaya. Lakini anonsi inayosema « na kila mutoto » huku hakuna jile ya mtoto hata moja inakuwa uongo unaosikika na watu wote, na mama mmoja atainuka aulize. Hiyo si hasara. Ni bora swali hilo liulizwe bandarini, mbele ya komiseri wa ziwa, kuliko kuulizwa katikati ya maji. Hata bora zaidi ni liulizwe ku dirisha la tikiti, ambapo mzazi bado ana uwezo wa kungoja boti ingine.

Anonsi mpya

Baada ya kukata, kugeuza na kupanga, anonsi ile inakuwa hivi. Kiswahili chake ni cha kusema, si cha barua.

(Muziki unazimwa. Filimbi moja ndefu.)

« Wasafiri wote, muangalie huku!

Muvae jile sasa. Kila mutu, na kila mutoto.

Ingiza kichwa. Funga mukaba mpaka usikie tak. Kaza.

Mutoto wa mugongoni, mumufungue, mumuweke ku mbele. Naye anavaa jile yake.

Mwenye hajapata jile, anyooshe mukono sasa. Boti inangoja mpaka aipate.

Njiani, mukae chini, kila mutu fasi yake. Boti ikiyumba, mukae, mushike kiti.

Mukisikia filimbi na kapitene anasema Tokeni, mutoke inje. Mizigo ibakie.

Tunarudilia: jile mwilini, mukae chini. »

Jile sasa ni neno la sita. Anonsi nzima ni fupi kuliko ile maneno 100 ya salamu na biashara yaliyokuwa mbele, na hii inasomwa polepole, mtumishi mmoja akisimama katikati na kuonyesha kila kitendo kwa mikono. Mwenye kusoma anangoja mtumishi amalize kukaza mukaba ndipo aendelee. Kama boti ni ndefu, watumishi wawe wawili, sababu mtu wa nyuma anayeona mgongo tu wa mtumishi hajaonyeshwa kitu.

Ile sentensi ya kunyoosha mukono ndiyo yenye kazi kubwa zaidi. Anonsi ya zamani ilikuwa ya kusikilizwa tu. Hii inaomba jibu, na jibu linaonekana. Mikono ikiwa kumi na mbili, kapitene anajua kwamba jile kumi na mbili zinakosekana, ao watu kumi na wawili wamezidi. Kampuni zingine hazitaipenda sentensi hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye kuikata kwenye karatasi, aulizwe kwa nini.

Salamu, jina la kampuni, vinywaji, mizigo, hata maombi ya safari kama ni desturi ya boti hiyo, vyote vinapata fasi yao. Fasi hiyo ni baada ya kuondoka, boti ikiwa imetulia kwenye mwendo wake na watu wamekwisha kuvaa. Hakuna anayekufa kwa kuchelewa kujua bei ya soda.

« Mukae » inafika wapi?

Kuna hatari moja katika anonsi fupi: agizo zuri linaweza kudumu kupita wakati wake. Tarehe 16 mwezi wa ine 2014, meli Sewol ilipinduka kwenye bahari ya Korea ya Kusini. Ilipoinama, wasafiri, wengi wao wanafunzi, waliambiwa kwa bafle, tena na tena, wabakie walipo. Walitii. Watu 304 walikufa, na wengi walikuwa ndani ya vyumba walimoambiwa wabakie.

Kukaa chini ni sawa boti ikiyumba, sababu watu wakisimama na kukimbilia upande mmoja wao wenyewe wanaipindua. Lakini boti ikianza kuzama, kukaa kunaua. Kwa hiyo « mukae » haipashwe kamwe kusemwa bila mwenzake « tokeni », na msafiri ajue kutoka mwanzo ni alama gani inayomtoa kwenye agizo moja na kumpeleka kwenye lingine. Sheria za kimataifa za meli kubwa zinataka alama ya hatari iwe milio mifupi saba ao zaidi, na mmoja mrefu. Kwenye boti ndogo ya ziwa hakuna atakayehesabu mpaka saba. Filimbi na neno moja, Tokeni, vinatosha, ila viwe vile vile kila siku, na filimbi iwe shingoni mwa kapitene, si ndani ya sanduku.

Kwa boti zenye chumba kilichofungwa na madirisha, jambo hili linazidi kuwa zito. Jile ya sponji inaelea, na ndani ya chumba kilichojaa maji itamsukuma mtu juu kwenye dari, asiweze kuzama kidogo ili apite mlangoni. Ndiyo sababu katika boti hizo neno « Tokeni » linasemwa mapema, maji yakiwa bado hayajaingia, na anonsi inaongeza sentensi moja: « Mlango wa kutokea uko pale, na pale », mtumishi akionyesha kwa mkono. Kama jile ni zile za kujazwa hewa, zinajazwa inje tu. Mwaka 1996, ndege ya Etiopia ilipoangukia majini karibu na Komori, wasafiri wengi walijaza jile zao wakiwa bado ndani, na wakakwama.

Anonsi ya pili, karibu na kufika

Karatasi nyingi zina anonsi moja, ya kuondoka. Lakini Merdi ilipinduka karibu na Kituku, si katikati ya ziwa. Tarehe 20 mwezi wa kenda 2018, upande wa Tanzania, kivuko MV Nyerere kilipinduka kwenye Ziwa Viktoria kikikaribia gati ya kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 walikufa. Hicho nacho kilikuwa kimejaa kupita kiasi, na habari za siku zile zilisema wasafiri walikuwa wamesogea upande mmoja wakijitayarisha kushuka.

Kila mtu aliyesafiri kwa boti anaelewa namna hiyo inavyokuja. Bandari inaonekana, reseau inarudi, watu wanasimama. Wanavua jile sababu joto limewasumbua. Wanatafuta mizigo, wanasogea upande wa gati ili wawe wa kwanza. Watu 50 wa kilo 60 ni tani tatu. Tani tatu zilizokuwa zimekaa katikati, chini, sasa zimesimama, na zote ziko upande mmoja. Kapitene naye wakati huo huo anapunguza mwendo na kugeuza boti.

Kwa hiyo, mbele boti haijapunguza mwendo, wakati watu bado wamekaa, inasomwa anonsi ya pili, fupi zaidi:

« Wasafiri wote! Tunakaribia. Mukae chini mpaka kamba ifungwe. Jile ibakie mwilini mpaka mukanyage inchi kavu. Tutaita benchi kwa benchi. »

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Mtu anasimama mapema kwa kuogopa kubakia nyuma. Akijua kwamba wataitwa kwa zamu, na akiona safari iliyopita waliitwa kweli, sababu ya kusukumana inapungua. Lakini siku ambayo watumishi watasema hivyo na kisha kuacha watu wakimbie, anonsi hiyo imekufa kwa safari zote zitakazofuata.

Luga, na kupima

Kiswahili kinatangulia, sababu ndicho wengi kwenye boti wanachosikia. Lakini kuna mzee wa Idjwi anayesikia Kihavu tu, mama wa kijijini anayesikia Mashi, wengine Kinyarwanda, na mgeni wa Kifaransa. Kusoma anonsi nzima katika luga tano ni kuwachosha watu mpaka waache kusikiliza. Njia inayofaa ni kusoma Kiswahili yote, kisha kurudilia katika kila luga ingine mambo matatu tu: vaa jile, kaa chini, ukiambiwa toka utoke. Mikono ya mtumishi inayoonyesha inasaidia wote, pamoja na asiyesikia kwa masikio. Watumishi wa boti wenyewe mara nyingi wanazijua luga hizo. Wanapashwa tu kuandika maneno yao na kuyasoma namna moja kila safari.

Mbele ya kuchapisha karatasi, ijaribiwe. Mtu mmoja asome, moteri ikiwa imewashwa, mwingine akae benchi la mwisho kabisa na kuandika anachosikia. Neno asilosikia libadilishwe. Kisha, katika safari ya kweli, watumishi wachague wasafiri watano, wa mbele na wa nyuma, kijana na mzee. Wasiwaulize « Mumesikia? », sababu kila mtu atajibu ndiyo kwa heshima. Wawaambie: « Mama, unionyeshe namna unafunga mukaba. » « Papa, kapitene akisema Tokeni, mizigo yako unaifanya nini? » Kama watatu kati ya watano wanashindwa jambo lile lile, kosa liko kwenye anonsi, si kwa wasafiri.

Jambo la mwisho linahusu wakati. Anonsi inasomwa boti ikiwa bado imefungwa kamba, moteri ikiwa imezimwa ao ikizunguka polepole, mupakizo umekwisha. Ikisomwa mapema mno, wale wanaoingia dakika ya mwisho hawaisikie, na hao ndio wengi. Ikisomwa boti imekwisha kuondoka, ile mikono iliyonyooshwa haina tena wa kuijibu. Kwa hiyo amri ya kufungua kamba inatolewa na kapitene baada ya mtumishi kupita katikati ya mabenchi na kumuambia kwa sauti: « Mikono yote iko chini. »